Bendi ya Mombasa, harusi ya Shela: mkataba uandikweje

Mwenye shughuli anapoipigia bendi simu, swali lake la kwanza huwa, "Saa tatu za muziki ni pesa ngapi?" Ugomvi mwingi huanzia hapo, kwa sababu bendi haiuzi saa, inauza tarehe. Jumamosi ya Desemba ikishachukuliwa, wateja wengine wote walioiulizia wameshaambiwa hapana na wametafuta bendi nyingine. Ikirudishwa wiki moja kabla, haina mnunuzi. Ukiishika nukta hii, sehemu zote ngumu za mkataba zinaeleweka: kwa nini arbuni hairudi nzima, kwa nini muda wa ziada una bei yake peke yake, na kwa nini kuvunja siku 10 kabla hugharimu zaidi ya kuvunja miezi miwili kabla.

Tuchukue shughuli moja tuifuate mpaka mwisho. Harusi iko Shela, kisiwani Lamu. Bendi ni ya taarab, watu wanane kutoka Mombasa, pamoja na fundi sauti na msaidizi wake. Jumla ni watu kumi. Bei tutakazotaja ni za kupigia hesabu tu. Kila bendi ina zake.

Shela tumeichagua makusudi. Shughuli ya Malindi ni nyepesi: kutoka Mombasa ni kilomita 120 hivi za lami, na gari linashusha vyombo mlangoni. Ya Shela inaanza Ijumaa alfajiri. Gari linapita Malindi na Garsen hadi Mokowe, na hapo ndipo mwisho wa barabara. Vyombo vinateremshwa gatini, vinapakiwa botini, vinavushwa, kisha vinabebwa na hamali na punda vichochoroni. Barabara ya Garsen hadi Mokowe, kwa sababu za usalama, kwa miaka mingi imekuwa ni ya kusafiriwa mchana, mara nyingine kwa kusindikizwa na askari. Kwa hiyo bendi haiwezi kufika Jumamosi jioni ikapiga, wala haiwezi kumaliza usiku wa manane ikaondoka. Inalala Ijumaa, inapiga Jumamosi, inarudi Jumapili. Saa tatu za muziki zimekula siku tatu za watu kumi.

Tarehe na majina

Mstari wa kwanza wa mkataba ni tarehe, nao ndio unaoandikwa kwa uzembe kuliko yote. Pwani, "usiku wa Jumamosi" kwa wazee ni ule unaoingia Ijumaa jua linapotua. Kwa kijana wa Nairobi anayemuozesha dadake ni Jumamosi yenyewe. Andika hivi: "Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2026, kuanzia saa tatu usiku (21:00) hadi saa sita usiku (00:00)." Saa za tarakimu zinakata ubishi. Ikiwa harusi imefungwa na mwandamo wa mwezi, kwa mfano siku ya tatu ya Mfungo Mosi baada ya Ramadhani, mkataba utaje tarehe mbili zinazofuatana na useme bendi inazishika zote mbili. Siku ya pili ina bei yake, kwa sababu nayo haitauzwa kwa mwingine.

Kisha ni nani anayetia sahihi. Bendi isiyosajiliwa haina mwili wa kisheria. Huwezi kuidai "bendi". Anayetia sahihi ni kiongozi wake kwa jina lake kamili na namba ya kitambulisho, na ni vyema namba ya simu inayopokea pesa iwe imesajiliwa kwa jina hilohilo. Kuna mawakala wanaochukua arbuni kwa jina lao na bendi ikaja kusema haikuona hata shilingi. Upande wa pili vilevile: katika harusi, mjomba anaahidi, shangazi anaagiza, baba analipa. Mtu mmoja ndiye mwenye shughuli kwa mujibu wa mkataba, na huyo ndiye anayewajibika.

Kama mlikubaliana kwa simu na ujumbe wa Wasapu tu, msidhani hakuna mkataba. Sheria ya Kenya haidai maandishi kwa makubaliano ya namna hii kama inavyodai kwa mauzo ya ardhi. Tatizo ni ushahidi. Ujumbe unasema "sawa, tumekubaliana", na hausemi mlikubaliana nini kuhusu jenereta.

Bei na mafungu yake

Bei iandikwe kwa mafungu hata kama jumla ndiyo inayotajwa mdomoni. Katika mfano wetu: onyesho 150,000, vyombo vya sauti na fundi 50,000, usafiri wa nchi kavu na wa maji 40,000. Jumla ni shilingi 240,000. Malazi ya siku mbili na chakula cha watu kumi vinatolewa na mwenye shughuli, na mkataba unasema vyumba vingapi na milo mingapi. Neno "chakula kitakuwepo" halitoshi. Bendi imewahi kupewa sahani saa saba usiku baada ya wageni kuondoka, na mpiga fidla mwenye njaa ana visingizio vingi.

Mafungu haya yana kazi mbili. Kwanza, shughuli ikivunjika, usafiri ambao haujatumika unarudi bila mabishano, kwa kuwa unajulikana ni kiasi gani. Pili, mwenye shughuli anapotaka kupunguziwa, mnaona kinachopunguzwa: waimbaji watatu wawe wawili, au sabufa zipungue. Kupunguza jumla bila kugusa fungu lolote maana yake ni kwamba kitu fulani kitakosekana siku ya siku, na hujui ni kipi.

Malipo tuyagawe mara tatu. Arbuni ni asilimia 40 siku ya kutia sahihi, yaani 96,000. Asilimia 40 nyingine, 96,000, inaingia siku 14 kabla. Iliyobaki, 48,000, inalipwa siku yenyewe vyombo vikiwa vimefungwa na kujaribiwa, kabla ya wimbo wa kwanza. Wakati huo pande zote mbili zina usalama. Mwenye shughuli anaona watu na vyombo kwa macho yake, na bendi haiachwi ikimtafuta mtu saa saba usiku kati ya mashangazi. Kila awamu ni chini ya shilingi 250,000, kikomo cha kutuma kwa mkupuo mmoja wa M-Pesa, hivyo hakuna haja ya pesa taslimu kuvushwa botini.

Mkataba useme pia tarehe haijashikwa mpaka arbuni iingie. Bila mstari huo, bendi inaweza kukataa kazi nyingine kwa ajili ya ahadi tupu, na mwenye shughuli naye anaweza kuamini ana bendi ilhali imeshauzwa.

Fungu la mwisho ni tuzo. Katika taarab wageni huinuka kumtuza mwimbaji, na katika harusi kubwa pesa hizo si kidogo. Kuna wenye shughuli wanaodhani tuzo ni sehemu ya malipo. Mstari mmoja unatosha: "Tuzo za wageni ni za bendi na hazipunguzwi kwenye bei." Jinsi bendi inavyogawana ndani ni shauri lao.

Umeme, boti na jukwaa

Mahitaji ya kiufundi yawe karatasi ya pili iliyotiwa sahihi pamoja na mkataba. Mara nyingi hutumwa baadaye kama picha, na hakuna anayeisoma.

Umeme ndio moyo wake. Seti ya kawaida ya harusi kama hii, yaani spika mbili kuu, sabufa mbili, monita nne, mikisa, kinanda na amplifaya ya gita, hutumia kilowati mbili na nusu hivi muziki ukiwa umekolea. Taa za jukwaa za kisasa zinaongeza nusu kilowati. Jumla ni tatu. Jenereta ya kVA 10 hutoa kilowati 8 kwa hesabu ya kawaida ya 0.8, na isipakiwe zaidi ya asilimia 70, yaani kilowati 5.6. Inatosha na nafasi ya kupumua inabaki. Basi kwa nini umeme huzimika katikati ya harusi? Kwa sababu mpishi amechomeka birika la umeme la kilowati tatu kwenye waya uleule. Mkataba useme: "Laini ya bendi haitachomekwa kifaa kingine chochote." Hili hulindwa kwa mtu kusimama kwenye soketi, karatasi peke yake haizuii birika.

Kosa la pili ni kebo nyembamba. Jenereta inatakiwa ikae mbali ili isisikike, na upepo uchukue moshi wake kuelekea kusiko na watu. Kebo ya shaba ya milimita 2.5 yenye urefu wa mita 50, ikibeba ampea 15, hupoteza volti 13 au 14 njiani. Ya milimita 1.5 hupoteza karibu 22. Kwenye umeme wa volti 240 unabakiwa na chini ya 220, na kila besi inapogonga unashuka tena. Dalili yake ni taa kufifia kwa mdundo na mikisa ya dijitali kujizima na kuwaka upya. Kwa hiyo karatasi itaje unene wa kebo, si urefu tu, na itaje waya wa ardhi. Bila waya wa ardhi spika hunguruma, na mwimbaji anayegusa maikrofoni huku ameshika gita anaweza kurushwa.

Anayeleta jenereta aandikwe kwa jina. Kwa Shela, jenereta nayo inakuja kwa boti. Umeme wa taifa uwe wa kwanza na jenereta ya akiba, au kinyume chake, lakini isiachwe kwamba "upo umeme nyumbani". Mafuta ya saa nane yawepo kabla ya jua kutua, sababu usiku hakuna atakayevuka kwenda kuyatafuta.

Boti ina hesabu yake. Maji ya pwani hii hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti huzidi mita tatu. Maji yakipwa, boti haikaribii ufuo. Sabufa inabebwa kichwani kupita mchanga na maji ya magoti. Saa za maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo anayepanga atazame jedwali la tarehe yenyewe, asikumbuke safari ya mwezi uliopita. Mkataba useme nani anakodi boti, kupakua ni saa ngapi, hamali ni wa nani, na chombo kikilowa ni hasara ya nani. Kanuni ya haki ni kwamba aliyekodi boti ndiye anayebeba hatari ya safari ya maji. Vyombo vifungwe kwa maturubai hata kukiwa shwari. Wakati wa kusi mawimbi mlangoni mwa bahari hayana adabu.

Jukwaa la watu wanane linahitaji mita 6 kwa 4, kavu, la usawa, na lenye kifuniko. Hata pasipo mvua, umande wa usiku wa ufukweni ukichanganyika na chumvi huingia kwenye vinanda.

Vyombo vijaribiwe kati ya swala ya Alasiri na Magharibi, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasorobo jioni. Adhana ikiadhiniwa kila kitu kinanyamaza, na dakika hizo hazihesabiwi kuwa uchelewaji wa bendi. Kama ni shughuli ya wanawake, mkataba useme wazi kama wapigaji wanaume na fundi sauti wanakaa nyuma ya pazia au ukumbini, na kwamba hakuna anayepiga picha, wa bendi wala wageni. Jambo hili likigunduliwa saa tatu usiku, halitatuliki.

Baada ya wimbo wa mwisho vyombo vinalala Shela. Kwa hiyo kuwe na chumba chenye kufuli na mlinzi hadi maji yajae asubuhi, na mlinzi analipwa na mwenye shughuli.

Muda ukipita

Kuna aina mbili za kuchelewa, na mikataba mingi inazichanganya. Moja ni kuanza kwa kuchelewa. Nyingine ni kumaliza baada ya wakati.

Shughuli ya Pwani huanza bibi harusi akiwa tayari, na kila mtu anajua. Lakini bendi ilikuwa tayari saa tatu kamili. Kanuni ni kwamba bendi ikiwa imefunga vyombo na ikajulisha kuwa iko tayari, saa yake inaanza kwenda, wimbo uwe umepigwa au la. Harusi ikianza saa nne, mwisho unabaki saa sita. Mwenye shughuli akitaka saa tatu kamili za muziki, ile saa ya nyongeza inalipiwa. Toeni robo saa ya uvumilivu kwa kila upande. Dakika 15 hazistahili kuvunja udugu.

Bendi ikichelewa kwa kosa lake, hesabu inageuka. Ama inafidia muda mwishoni bila malipo, kama kibali kinaruhusu, ama inapunguziwa. Onyesho ni 150,000 kwa dakika 180, yaani shilingi 833 kwa dakika. Dakika 40 za kuchelewa, ukiondoa 15 za uvumilivu, ni 25, sawa na shilingi 20,825. Fungu la vyombo haliguswi, kwa sababu vyombo vilifika.

Sasa bei ya nyongeza yenyewe. Wengi hugawanya 150,000 kwa tatu na kusema saa ya ziada ni 50,000. Hesabu hiyo ni rahisi ila haina msingi: ndani ya zile 50,000 kuna mazoezi, safari na tarehe iliyokataliwa kwa wengine, na vyote hivyo vimeshalipwa. Njia iliyo bora ni kuhesabu kinachotumika kweli katika kila nusu saa ya ziada. Watu kumi kwa 2,000 ni 20,000, vyombo 3,000, mafuta 1,000. Jumla 24,000 kwa kila nusu saa iliyoanza. Saa nzima inakuwa 48,000. Tofauti na ile 50,000 ni ndogo, lakini hii unaweza kuieleza mbele ya baba mtu bila kigugumizi, na haitaonekana kuwa adhabu.

Nyongeza inahitaji mambo matatu zaidi. Kwanza, mtu mmoja tu ana ruhusa ya kuiomba, na jina lake liko kwenye mkataba; mgeni aliyefurahi akipaza sauti "endeleeni!" hajaagiza kitu. Pili, ruhusa itolewe kabla nusu saa haijaanza, kwa ujumbe wa simu wa maneno mawili, na pesa itumwe hapohapo. Tatu, kuwe na kikomo cha saa moja. Waimbaji wana koo, na kibali kina mwisho.

Kibali ni cha kelele. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kikomo cha makazi usiku ni desibeli 35. Hakuna bendi duniani inayopiga kwa desibeli 35. Mazungumzo ya kawaida yanapita hapo. Kwa hiyo shughuli bila kibali iko nje ya kanuni tangu wimbo wa kwanza. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele, na huko ndiko mwenye shughuli anakoomba kibali, mapema, akijulisha na kituo cha polisi. Polisi wakizima muziki saa tano kwa kukosa kibali au kwa muda wake kuisha, bendi inalipwa bei yote. Wakizima kwa sababu bendi ilikataa kupunguza sauti baada ya kuombwa, inapunguziwa dakika zilizopotea.

Mwenye shughuli akivunja

Kiasi anacholipa kiongezeke kadiri siku zinavyokaribia, kwa sababu uwezekano wa bendi kuiuza tena tarehe unashuka. Kipimo kinachokubalika: zaidi ya siku 60 kabla, asilimia 20; siku 60 hadi 31, asilimia 40; siku 30 hadi 15, asilimia 60; siku 14 na kushuka, asilimia 90. Asilimia hizi zinahesabiwa juu ya onyesho na vyombo, yaani 200,000. Usafiri unalipwa kwa risiti za kile kilichokwisha kutumika na hakirudi.

Tuseme anavunja siku 20 kabla. Asilimia 60 ya 200,000 ni 120,000. Bendi ilikuwa imelipia gari 10,000 ambayo hairudishwi. Deni ni 130,000. Arbuni iliyokwisha kulipwa ni 96,000, kwa hiyo anadaiwa 34,000.

Lakini bendi ikipata kazi nyingine tarehe ileile? Weka kifungu kwamba nusu ya malipo hayo mapya inapunguza deni. Wakipata kazi ya 80,000 Mombasa, 40,000 inatolewa kwenye 130,000, deni linakuwa 90,000, na mwenye shughuli anarudishiwa 6,000. Nusu inatosha: ukiyachukua yote, bendi haina sababu ya kutafuta kazi.

Kwa nini usiandike tu "akivunja analipa yote"? Kwa sababu kifungu hicho kinaweza kuangushwa. Kenya inafuata sheria ya mikataba ya mapokeo ya Kiingereza, na tangu kesi ya Dunlop ya 1915 msingi umekuwa kwamba kiasi kilichopangwa mapema kiwe makadirio ya haki ya hasara. Kikiwa ni cha kumtisha mtu, ni adhabu, na mahakama haikitekelezi. Kumtoza mtu bei nzima kwa kuvunja miezi mitatu kabla ni vigumu kuitetea. Ngazi za asilimia, zikiwa na sababu yake imeandikwa hapohapo, zinatetewa.

Bendi ikivunja

Hapa mikataba inayoandikwa na bendi hukaa kimya, au husema arbuni itarudishwa basi. Haitoshi. Mwenye shughuli aliyebaki na siku 10 hanunui bendi kwa bei ya miezi sita iliyopita.

Kifungu chenye haki kina sehemu mbili. Bendi inarudisha kila shilingi iliyopokea ndani ya siku 7, bila kukata gharama yoyote. Na inalipa tofauti ya bei ya bendi mbadala ya kiwango kilekile, isizidi asilimia 30 ya bei ya mkataba. Siku 10 kabla, malipo mawili yameshaingia, jumla 192,000. Mbadala anapatikana kwa 300,000. Tofauti ni 60,000, na kikomo ni 72,000, kwa hiyo inalipwa yote. Bendi inatoa 252,000. Kikomo kinailinda isifilisike kwa sababu mtu ameamua kuleta kundi la ghali kutoka ng'ambo.

Mwimbaji akiugua si lazima iwe kuvunja. Mkataba uwataje kwa majina wale ambao bila wao shughuli si ileile, kwa kawaida mwimbaji mkuu na pengine mpiga kinanda. Mwingine yeyote anaweza kubadilishwa na mwenye uwezo sawa. Aliyetajwa akikosekana kwa ugonjwa wenye cheti cha daktari, mwenye shughuli ana hiari: amkubali mbadala kwa punguzo lililoandikwa, tuseme 30,000, au avunje na arudishiwe pesa zake bila fidia ya ziada. Kilichojificha nyuma ya "ugonjwa" mara nyingi ni kazi kubwa zaidi iliyojitokeza. Ndiyo maana kifungu kiongeze kwamba mwimbaji akionekana jukwaani kwingine usiku huo, ni kuvunja kamili.

Msiba, marufuku na bahari

Lipo jambo ambalo violezo vya mikataba vya mitandaoni havilijui. Huku kwetu, mtu wa karibu akifariki, nikaha inaweza kuendelea na ngoma ikaondolewa. Harusi haikuahirishwa, muziki umetolewa. Je, hiyo ni kuvunja? Andikeni. Pendekezo la kufaa ni kwamba kifo cha mzazi, mtoto, ndugu wa damu, bibi au babu wa maharusi kinampa mwenye shughuli haki ya kusogeza tarehe mara moja ndani ya miezi 12, arbuni ikibaki, naye akilipa gharama zilizokwisha kutumika kwa risiti. Asiposogeza, arbuni inabaki kwa bendi na hadaiwi zaidi. Bila orodha ya jamaa, kila binamu wa tatu atakuwa sababu.

Marufuku ya serikali ni jambo jingine. Lamu imeyaona: mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, kaunti iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na Machi 2020 nchi nzima ikawekewa kwa ajili ya korona. Harusi ya saa tatu usiku haiwezekani, na hakuna mwenye kosa. Mapokeo ya kisheria yana jibu la zamani kwa hali hii. Katika kesi ya Taylor na Caldwell ya 1863, ukumbi wa muziki uliokodiwa London uliungua kabla ya matamasha, na mahakama ikasema pande zote zimefunguliwa. Lakini jibu hilo linamaliza mkataba bila kupanga nani amelipia gari. Kwa hiyo andikeni wenyewe: tarehe inasogezwa mara moja; ikishindikana, pesa zinarudi, na gharama zenye risiti zinagawanywa nusu kwa nusu.

Orodha hiyo iwe fupi, na iseme pia kisichohesabiwa. Umeme kukatika haumo, kwa sababu jenereta iliagizwa. Mvua ya masika haimo, kwa sababu inakuja kila mwaka na jukwaa lilitakiwa kufunikwa. Gari kuharibika njiani halimo, kwa sababu bendi ilitakiwa kuondoka Ijumaa alfajiri. Bahari imo tu pale mamlaka inapozuia boti kuvuka, au nahodha wa boti iliyokodiwa anapokataa kwa usalama na hakuna mwingine anayevuka saa hizo. Mtu asiyependa mawimbi si dharura.

Mkishindwa kuelewana, madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 na ambako unaweza kujisimamia bila wakili. Beba mkataba na karatasi ya kiufundi zenye sahihi, ujumbe wa M-Pesa wa kila awamu, na ule ujumbe wa bendi wa "tuko tayari" wenye saa yake.